Usiogope Dumu la Alizeti, Ogopa Karai Jeusi

Ujumbe umezunguka sana kwenye makundi ya WhatsApp ya familia: mafuta ya mbegu ni sumu, yanauwasha mwili kwa ndani, na ndiyo chanzo cha maumivu ya viungo, kisukari na moyo kugoma. Anayetuma huambatanisha picha ya chupa ya alizeti iliyopigwa msalaba mwekundu, na chini yake ushauri wa kurudi kwenye samli na mafuta ya nazi. Wasomaji kadhaa wameniuliza kama wamwage dumu walilonunua. Jibu langu ni kwamba wasimwage. Lakini hoja hiyo ina mizizi, na ukiielewa utajua ni wapi hasa jikoni kwako pa kuangaliwa.

Kinacholaumiwa ni asidi ya linoleiki, mojawapo ya asidi za mafuta za kundi la omega 6. Kwenye mafuta ya alizeti ya kawaida ndiyo iliyo nyingi kuliko nyingine zote. Viwango vya kimataifa vya Kodeksi huyatambua kuwa alizeti ya kawaida yakiwa na linoleiki kati ya asilimia 48 na 74. Soya iko karibu na nusu. Mawese yana kama asilimia 10 tu, na nazi ni kidogo zaidi.

Ubishi huu ulipamba moto Marekani, na una sababu ya kuanzia huko. Katika karne ya 20 Wamarekani walihama kutoka mafuta ya wanyama kwenda mafuta ya soya kwa kasi ambayo haijawahi kuonekana. Watafiti waliokusanya vipimo vya mafuta ya chini ya ngozi ya Wamarekani wa miaka tofauti walikuta sehemu ya linoleiki imepanda kutoka takriban asilimia 9 mwaka 1959 hadi zaidi ya 21 mwaka 2008. Miili yao imebadilika kweli. Katika miaka hiyohiyo unene na kisukari vilipanda, na watu wakaunganisha mambo hayo mawili. Robert F. Kennedy Mdogo, ambaye mwaka 2025 alikuja kuwa waziri wa afya wa nchi hiyo, alikuwa ameshatangaza kwamba wananchi wake wanalishwa sumu kwenye mafuta ya mbegu. Tangu hapo klipu hazijapoa.

Sasa tuifuate hoja hatua kwa hatua. Linoleiki ikishaingia mwilini, vimeng'enya huifanyia kazi. Kimoja huiongezea kifungo, kingine huirefusha, kingine tena huiongezea kifungo, hadi ipatikane asidi nyingine iitwayo arakidoniki. Hiyo hukaa kwenye utando wa seli ikisubiri. Ukijikata kidole au ukipata malaria, seli huichomoa na kuigeuza prostaglandini, na prostaglandini ndizo zinazoleta sehemu kubwa ya ule uwekundu, joto, uvimbe na maumivu ambayo madaktari huyaita inflamesheni. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki hufanya kazi kwa kuuziba mlango huo wa mwisho. John Vane wa Uingereza alilionyesha hilo kwa aspirini mwaka 1971, na mwaka 1982 akagawana Tuzo ya Nobeli na Waswidi wawili, Sune Bergström na Bengt Samuelsson, waliozichambua prostaglandini zenyewe.

Kwa hiyo anayesema kuna njia kutoka chupa ya alizeti hadi goti linalouma hajatunga. Njia ipo kwenye kila kitabu cha baiokemia. Anachokosea ni kudhani kwamba ukimwaga malighafi zaidi mwanzoni, bidhaa zaidi itatoka mwishoni.

Watafiti wamewapa watu linoleiki iliyowekewa alama ili waifuatilie mwilini. Inayofika mwisho wa safari na kuwa arakidoniki ni chini ya asilimia moja. Iliyobaki huchomwa kuwa nguvu, huwekwa akiba au huingia kwenye utando wa seli kama ilivyo. Na mwaka 2011, Rett na Whelan walipitia majaribio ambamo watu walipunguziwa linoleiki hadi kwa asilimia 90, au waliongezewa hadi mara sita. Kiasi cha arakidoniki kwenye damu yao hakikubadilika kwa namna ya kuonekana. Mwili unazalisha kile unachokihitaji, na ukitosheka, vimeng'enya vile vinapunguza kasi.

Kuna jambo la pili ambalo klipu hazilisemi. Arakidoniki yenyewe haina upande mmoja. Mwaka 1984, Charles Serhan, akifanya kazi na huyohuyo Samuelsson, alieleza kundi la kemikali zinazoitwa lipoksini. Zinatokana na arakidoniki pia, na kazi yake ni kuutuliza mwili baada ya vita: kuwaambia askari wa damu warudi, na kuanzisha usafi wa jeraha. Ukiiona arakidoniki kuwa ni moto tu, umeona nusu ya kazi yake.

Tuache njia za kwenye karatasi, tuangalie watu waliolishwa. Hospitali hupima inflamesheni kwa kipimo cha damu kiitwacho CRP, pamoja na vingine vya aina hiyo. Mwaka 2012, Johnson na Fritsche walikusanya majaribio 15 ambamo watu wazima wenye afya walilishwa linoleiki kwa viwango tofauti. Hawakupata ushahidi wa maana kwamba vipimo vilipanda. Uchambuzi mwingine wa mwaka 2017, uliojumuisha majaribio 30 na watu karibu 1,400, ulitoa jibu lilelile.

Jaribio ninalolipenda zaidi lilifanyika Uppsala, Uswidi, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2014. Vijana 39 wenye uzito wa kawaida waliongezewa keki ndogo kila siku kwa wiki saba, juu ya chakula chao cha siku zote, makusudi wanenepe. Nusu walikula keki zilizookwa kwa mafuta ya alizeti, nusu kwa mafuta ya mawese yaliyosafishwa. Makundi yote mawili yalinenepa sawasawa. Lakini wale wa mawese walirundika mafuta mengi zaidi kwenye ini na tumboni ndani, na wale wa alizeti walijenga misuli zaidi. Mafuta kwenye ini ni mlango unaojulikana wa kisukari. Simaanishi kwamba kijiko cha mawese mekundu kwenye kisamvu kitakudhuru. Hao walikuwa wanashindiliwa. Ninachosema ni kwamba anayekushauri uache alizeti ukimbilie mafuta yaliyoshiba kwa ajili ya kuzima moto wa ndani, amekuelekeza upande ambao vipimo havikuonyesha nafuu.

Hata hivyo ningekuwa mwongo kama ningeishia hapo, maana upande wa pili nao una ushahidi wake, na baadhi yake ni mzito.

Kati ya mwaka 1966 na 1973, huko Sydney, wanaume 458 waliokuwa wameponea shambulio la moyo au tatizo jingine la mishipa ya moyo waligawanywa makundi mawili. Kundi moja liliambiwa liachane na mafuta ya wanyama na litumie mafuta ya kartamu na siagi ya mimea iliyotengenezwa kwa mafuta hayo. Kartamu ni mmea wa jamii moja na alizeti, na mafuta yake yana linoleiki nyingi na karibu hayana omega 3 kabisa. Takwimu kamili zilikaa miaka mingi bila kuchambuliwa, hadi Christopher Ramsden na wenzake walipozifufua na kuzichapisha mwaka 2013. Kolesteroli ya wale wa kartamu ilishuka, kama ilivyotarajiwa. Lakini waliokufa kati yao walikuwa asilimia 17.6, na kwenye kundi jingine asilimia 11.8.

Takwimu hizo haziwezi kufumbiwa macho, ila zisomwe pamoja na mazingira yake. Watu hao walikuwa wagonjwa tayari. Walilenga kupata kama asilimia 15 ya nguvu za chakula chao kutokana na mafuta ya aina hiyo, kiasi ambacho ni kikubwa kwa nusu zaidi ya kile ambacho chama cha moyo cha Marekani hukiona kuwa ukomo wa juu. Siagi za mimea za enzi hizo zilikuwa na kawaida ya kubeba mafuta ya transi, ambayo leo yanapigwa marufuku nchi baada ya nchi kwa sababu ya moyo. Na omega 3 hawakuongezewa. Mimi nachukua funzo moja kutoka Sydney: linoleiki nyingi mno, bila mwenzake wa omega 3, kwa mtu mwenye moyo mgonjwa, haifai kuitwa dawa.

Funzo hilo linaungwa mkono na jaribio jingine la Ramsden, la mwaka 2021, kwa watu 182 wenye kipandauso. Kundi lililoongezewa omega 3 za samaki lilipungukiwa na siku za kuumwa kichwa kama mbili kwa mwezi, ukilinganisha na waliokula chakula cha kawaida cha Kimarekani. Kundi lililoongezewa omega 3 na wakati huohuo likapunguziwa linoleiki hadi chini ya asilimia mbili ya nguvu za chakula lilipungukiwa na siku nne. Kwa hiyo kama unasumbuliwa na kipandauso, kupunguza alizeti na soya huku ukiongeza samaki ni jambo la kujaribu kwa miezi kadhaa, ukijua kwamba si dawa ya kila mtu.

Kwa nini omega 3 inatajwa kila mara? Kwa sababu vimeng'enya vinavyoirefusha linoleiki ndivyo hivyohivyo vinavyoirefusha asidi ya omega 3 iliyo kwenye mimea. Ni kama watu wa vijiji viwili wanaopanga foleni kwenye mashine moja ya kusaga. Wa kijiji kimoja wakija na magunia mengi, wa kijiji kingine watasubiri sana. Alizeti inaleta magunia ya omega 6 peke yake, maana omega 3 yake ni kama hakuna. Soya inaleta ya pande zote mbili, kwani kwenye kila gramu 100 za mafuta ya soya kuna kama gramu saba za omega 3 ya mimea. Hapo ndipo mafuta haya mawili, ambayo klipu huyaweka kwenye kapu moja, yanapotofautiana.

Tena kuna jambo linalotuhusu sisi moja kwa moja. Kasi ya vimeng'enya hivyo huamuliwa kwa sehemu na jeni ziitwazo FADS. Zipo aina zenye kasi na zenye ulegevu. Utafiti wa Marekani ulikuta takriban wanane kati ya kila Wamarekani weusi kumi wamerithi aina yenye kasi kutoka kwa baba na kwa mama pia, wakati kwa Wamarekani wenye asili ya Ulaya ni chini ya nusu. Barani Afrika aina hiyo inakaribia kuwa ya kila mtu. Kwa wastani, basi, damu zetu huwa na arakidoniki zaidi kwa chakula kilekile. Na majaribio mengi niliyoyataja hapo juu yalifanywa kwa Wazungu.

Je, hilo linabadilisha ushauri? Kwangu linaubadilisha kidogo tu. Anayegeuza linoleiki kwa kasi anaigeuza pia omega 3 kwa kasi, kwa hiyo usawa wa vitu viwili hivyo sahanini una uzito zaidi kwake. Halinifanyi niogope alizeti. Linanifanya nisisitize samaki.

Kabla ya samaki, tupige hesabu ya dumu, maana watu huogopa bila kujua wanakula kiasi gani. Tuchukue familia ya watu watano inayomaliza lita tano za alizeti kwa mwezi. Lita tano ni kama kilo 4.6. Gawanya kwa siku 30 na kwa watu watano, kila mmoja anapata gramu 30 kwa siku, yaani vijiko vikubwa viwili na kidogo. Tukichukulia asilimia 60 ni linoleiki, hiyo ni gramu 18. Kila gramu ya mafuta hutoa kalori tisa, hivyo ni kalori 162. Kwa mtu anayekula kalori 2,200 kwa siku, hiyo ni asilimia saba na nusu hivi. Chama cha moyo cha Marekani kinashauri kati ya asilimia tano na kumi kwa omega 6. Familia hiyo iko katikati kabisa ya kiwango. Ikimaliza lita nane, inafika asilimia 12, na hapo ningewaambia wapunguze, kwanza kwa sababu ya kalori, pili kwa sababu ya foleni niliyoieleza.

Wala usishuke hadi sifuri. Mwaka 1929 George na Mildred Burr, wa Chuo Kikuu cha Minnesota, walionyesha kwamba panya waliolishwa chakula kisicho na mafuta kabisa waliota magamba ya ngozi na mikia, wakadumaa na kufa. Mwaka uliofuata walibaini kwamba linoleiki ndiyo iliyowaponya. Mwili wa binadamu nao hauwezi kuitengeneza. Mtoto aliyeachishwa ziwa na kulishwa uji mtupu anaihitaji zaidi kuliko baba yake.

Kuhusu samaki, huna haja ya vidonge vya bei mbaya. Vibua, dagaa wa baharini na dagaa wa Ziwa Victoria wana omega 3 ndefu ambazo hazihitaji kupita kwenye mashine ile. Mara mbili au tatu kwa wiki zinatosha kwa mtu mwenye afya. Angalia mambo mawili. Dagaa wa kuanikwa nao huchacha, tena upesi, kwa sababu omega 3 ni dhaifu mbele ya hewa na jua. Nunua wenye rangi ya fedha inayong'aa. Waliogeuka njano au kahawia tumboni na wenye harufu kali ya kukereketa koo, waache hapohapo mezani kwa muuzaji. La pili, samaki wa kuzamishwa kwenye mafuta ya alizeti huacha sehemu ya omega 3 yake karaini na kunyonya linoleiki. Mchuzi, kupaka au kuchoma kwa moto wa wastani vinakupa unachokitafuta.

Sasa tufike karaini, ambako ndiko wasiwasi wangu wote uliko.

Udhaifu wa linoleiki uko kwenye umbo lake. Ina vifungo viwili maradufu, na katikati yake kuna kaboni moja ambayo haidrojeni zake zimeshikiliwa kwa ulegevu. Oksijeni huanzia hapo. Asidi ya oleiki, iliyo nyingi kwenye zeituni na karanga, ina kifungo maradufu kimoja tu, na linoleiki huchacha mara kumi hivi kwa kasi kuliko hiyo. Omega 3 ya soya huchacha kwa kasi zaidi bado. Kwenye chupa iliyofungwa mahali pa baridi hilo huchukua miezi. Kwenye karai lenye nyuzijoto 180, hewa ikipuliza juu na mabaki ya unga yakiungua chini, huchukua saa chache. Kinachozaliwa ni aldehidi kadhaa, mojawapo ikiitwa hidroksinonenali, ambayo hunasa kwenye protini za mwili na kuziharibu, na pia minyororo minene ya mafuta yaliyoshikana yenyewe kwa yenyewe.

Huko Malaysia panya walilishwa kwa miezi mafuta ya soya na ya mawese. Waliopewa mafuta yaliyochemshwa mara tano au kumi walipandwa na shinikizo la damu na mishipa yao ikapoteza ulaini. Waliopewa mafuta mapya hawakupata madhara hayo kwa kiwango hicho. Mawese nayo yaliharibika, ingawa yana linoleiki kidogo. Panya si mtu, najua, lakini nikitafuta mahali ambapo mafuta ya kula yanaweza kweli kuuchokoza mwili, nitaanzia kwenye mafuta yaliyopikwa wiki nzima kabla ya kuanzia kwenye chupa mpya.

Utayajua vipi? Rangi peke yake inadanganya, kwa sababu samaki wenye bizari huyatia mafuta giza siku ya kwanza. Tazama ukingo wa karai la muuza chipsi. Ukiona utando wa kahawia unaonata kama gundi, ambao hautoki hata kwa steliwaya, hiyo ndiyo minyororo niliyoitaja, na ndani ya karai imo vilevile. Tazama povu. Mafuta mazima hutoa mapovu makubwa yanayopasuka haraka, na unapotoa chakula yanatulia. Yaliyochoka hutoa povu dogo, jeupe, linalopanda na kukaa. Tazama moshi. Yakianza kufuka kabla hujaweka chakula, kwenye moto uleule wa jana, yamekwisha. Na ukiyachota kwa mwiko, yakidondoka mazito kama asali nyepesi badala ya kutiririka, usiyarudishe jikoni. Nchi kadhaa za Ulaya hupima kitu hiki maabara, na mafuta ya kukaangia hutupwa viungo vilivyoharibika vikifika asilimia 24 hadi 27. Sisi tuna macho na pua, na kwa mwenye uzoefu vinatosha sana.

Nyumbani fanya hivi. Kaanga kwa mafuta machache kwenye sufuria nyembamba na ndefu kuliko mengi kwenye karai pana, maana kinachoharibu ni eneo linaloguswa na hewa. Dumbukiza kipande kidogo cha mkate. Kikipata rangi ya dhahabu kwa muda wa dakika moja hivi, joto ni la kutosha. Kikiwa cheusi kwa sekunde chache, epua. Chumvi tia baada ya kuopoa chakula. Makombo yachote wakati wote, yasiungulie chini. Ukimaliza, subiri yapoe hadi vuguvugu, yachuje kwa kitambaa safi, yaweke kwenye chupa ndogo ambayo yataijaza hadi shingoni, uifunge na kuiweka kabatini. Kwa maandazi na kalmati mimi nakubali mafuta ya alizeti yarudi jikoni mara tatu kama dalili nilizotaja hazijaonekana. Yaliyokaanga samaki, mara moja tena, na iwe samaki. Kuongeza mafuta mapya juu ya yaliyochoka hakuyafufui. Yaliyochoka huyaharakisha mapya kuharibika.

Kwa mamalishe au muuza chipsi, ambaye moto wake hauzimwi tangu asubuhi, ushauri wangu ni tofauti, na baadhi ya wenzangu wa lishe hawatanikubali. Soya na alizeti ya kawaida si mafuta ya kazi hiyo. Bora atumie mawese yaliyosafishwa na kuyabadilisha kwa wakati, ingawa yana mafuta yaliyoshiba zaidi. Ikipatikana alizeti ya oleiki nyingi, ambayo ni mbegu tofauti iliyozalishwa ili linoleiki ipungue hadi chini ya asilimia 17, hiyo ni bora kuliko zote. Itafute kwenye lebo, maana kwa macho hazitofautiani. Alizeti ya kawaida ibaki kwenye kachumbari, na kwenye mchuzi, mboga na pilau, ambako maji hayaachi joto lipande sana.

Neno kuhusu alizeti ya kukamua ya kwetu, ile ya Singida na Dodoma. Ikitoka kwenye kinu, ikachujwa vizuri na kutulia hadi ionekane angavu, ina vitamini E nyingi, na vitamini hiyo ndiyo mlinzi wa linoleiki dhidi ya kuchacha. Pia, alizeti ya mbegu za kawaida iliyokomaa kwenye joto huwa na linoleiki pungufu na oleiki zaidi kuliko mbegu ileile ikikomaa kwenye baridi. Lakini tazama yanavyouzwa. Kando ya barabara kuu madumu meupe yanapangwa juani tangu alfajiri hadi jioni, na mwanga unapenya plastiki. Mafuta yasiyosafishwa bado yana chembe za rangi ya kijani za mmea, na jua likizipata huzigeuza kuwa kichocheo cha kuchacha. Unalipia vitamini E ambayo imeshatumika hapo barabarani. Mwombe muuzaji dumu lililokaa ndani ya banda, au nenda kinuni kwenyewe. Fungua kifuniko unuse kabla ya kulipa. Alizeti nzima inanukia mbegu zilizokaangwa kidogo. Iliyochacha inanukia rangi ya kupaka ukuta au kreyoni za watoto. Mafuta hayo ya kukamua hufuka moshi kwenye joto dogo kuliko yaliyosafishwa, kwa hiyo usiyakaangie kabisa, hata kama ni mapya.

Nunua kiasi utakachomaliza kwa mwezi mmoja au miwili. Dumu la lita 20 kwa watu watatu ni akiba ya bei tu, kwa sababu kila unapolifungua unaingiza hewa mpya, na nusu ya mwisho utaila ikiwa imechoka. Kama bei imekulazimisha, ligawe siku ileile kwenye chupa ndogo zilizojaa, uzifunge, uzifunike gunia.

Na yale yaliyokwisha karaini usimuuzie wala kumpa jirani anayekaanga mihogo, na usiyamwage kwenye sinki, yataganda kwenye bomba. Yachuje uyaweke kando kwa mtengeneza sabuni. Sabuni ya magadi hutoka vizuri tu kwa mafuta yaliyochakaa, mradi makombo yametolewa yote, la sivyo miche itanuka samaki.